Jakpoti, boda na radi: Hesabu uliyotumiwa ina ukweli kiasi gani?

Huenda nawe umewahi kutumiwa ujumbe huu kwenye WhatsApp, pengine na mjomba asiyetaka kusikia habari za kamari: "Ni rahisi ugongwe na gari ukienda dukani kuliko ushinde jakpoti." Siku nyingine si gari, ni radi. Wanaobeti huucheka na kuendelea. Wanaopinga kamari huusambaza kama ushahidi. Lakini ni wangapi wamewahi kukaa chini wakaipiga hesabu yenyewe?

Leo tuipige. Tunasema mapema kwamba mjomba hajakosea. Ila ujumbe wake unaweza kukufumbua macho, na ujumbe uo huo unaweza kukupoteza.

Tuanze na jakpoti ya mechi 17, ile wengi wetu tunaijua. Kila mechi ina matokeo matatu: timu ya nyumbani ishinde, wageni washinde, au watoke sare. Mechi moja ina njia 3. Mechi mbili, 3 mara 3, njia 9. Mechi tatu, 27. Ukiendelea kuzidisha kwa 3 hadi mechi ya 17, unafika 129,140,163. Ukijaza mkeka mmoja kwa kubahatisha tu, nafasi yako ni 1 kati ya milioni 129.

Shida ni kwamba akili ya binadamu haioni nambari kama hiyo. Milioni moja, milioni mia, zote kwetu ni "nyingi sana." Hapo ndipo mlinganisho unasaidia. Fikiria Wakenya wote, karibu milioni 52, kuanzia mtoto aliyezaliwa leo asubuhi hadi shosho kule kijijini. Kila mmoja apewe mikeka miwili, na pasiwe na miwili inayofanana nchi nzima. Hiyo ni mikeka milioni 104. Bado kuna zaidi ya milioni 25 ambayo haijajazwa na mtu, na huenda mkeka wa ushindi umo humo.

Sasa tuilete barabara. Kwa rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA), zaidi ya watu 4,700 walifariki katika ajali nchini mwaka wa 2024. Hao ni takriban 13 kila siku. Ukigawa idadi ya Wakenya kwa vifo hivyo, unapata kifo 1 kwa kila watu 11,000 kwa mwaka, au 1 kwa kila watu milioni 4 kwa siku.

Milioni 4 ikilinganishwa na milioni 129 ni hatari kubwa mara 32. Kwa hivyo Mkenya wa kawaida ana uwezekano mkubwa mara 32 wa kufariki barabarani leo kuliko mkeka mmoja wa kubahatisha kushinda. Ukigawa siku katika vipande 32, kila kipande ni dakika 45. Yaani ukibeti zaidi ya saa moja kabla ya mechi kuanza, uwezekano wa ajali kukuondoa duniani kabla ya kipenga cha kwanza ni mkubwa kuliko uwezekano wa kupatia zote 17.

Hapo mjomba anapiga makofi. Lakini ngoja kidogo.

Tazama tulichofanya. Tumechukua mkeka mmoja tukaulinganisha na siku moja ya barabara. Nani alisema iwe siku? Tukichukua mwaka mzima wa barabara dhidi ya mkeka mmoja, barabara inazidi kwa zaidi ya mara 11,000. Tukichukua saa moja, hatari ni 1 kati ya milioni 97, na tofauti karibu iishe. Vifo ni vile vile, mkeka ni ule ule, lakini tumepata vichwa vitatu vya habari, kimoja cha kutisha na kimoja cha kuchosha. Anayetaka kukutisha atachagua mwaka. Anayetaka kukuuzia mkeka atachagua saa.

Kwa hivyo swali la kwanza ukiona mlinganisho wa aina hii ni: kwa muda gani? Ulinganifu wa haki ni mwaka kwa mwaka. Kijana anayejaza mkeka mmoja kila wiki hujaza 52 kwa mwaka. Nafasi yake inapanda hadi 1 kati ya milioni 2.5 hivi. Barabara inabaki 1 kati ya 11,000. Tofauti ni zaidi ya mara 220, na hii ndiyo nambari tungemshauri mjomba aitumie. Ikiwa kila mkeka ni soo, kijana huyo ametoa shilingi 5,200 kununua nafasi hiyo.

Swali la pili: ni hatari ya nani? "Mkenya wa kawaida" tuliyemtumia ni mtu wa hesabu tu, hutampata mtaani. Wanaofariki zaidi barabarani ni watembea kwa miguu, na waendesha pikipiki na abiria wao wako karibu nao katika orodha hiyo. Anayefanya kazi nyumbani na kutoka mara mbili kwa wiki hawezi kuwa na hatari sawa na mwanaboda anayeshinda barabarani kutoka alfajiri hadi usiku. Kuwapa wote wawili "1 kati ya 11,000" ni kumtisha wa kwanza bure na kumdanganya wa pili kwamba yuko salama kuliko alivyo.

Radi ndiyo mfano mzuri zaidi. Takwimu nyingi za radi zinazozunguka mtandaoni zilipigwa Marekani, kwa idadi ya watu wao na hali ya anga yao. Sisi tunazipokea na kuzisambaza hivyo hivyo. Lakini muulize mtu wa Kisii au Kakamega. Maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria ni kati ya yale yanayopigwa na radi sana duniani, na mkulima aliye shambani mvua ikianza hawezi kupimwa kwa kipimo cha mtu anayeishi ghorofani huko ng'ambo.

Upande wa mkeka nao una "nani" wake, na hapa lazima tuwatendee haki wanaobeti. Ile 1 kati ya milioni 129 ni ya anayebahatisha kabisa. Katika bahati nasibu ya kuchota nambari, kila mtu yuko sawa, profesa na mtoto. Mpira hauko hivyo. Tuseme unaujua vizuri, na unapatia nusu ya mechi unazotabiri. Nafasi yako ya kupatia zote 17 inakuwa 1 kati ya 131,072. Hiyo ni afadhali karibu mara elfu moja! Kwa hivyo beshte wako akikwambia "mimi sibahatishi, mimi nasoma timu," hajasema uongo.

Ila kuna mambo mawili ambayo huwa hasemi. La kwanza, mechi hazichagui yeye, zinachaguliwa na kampuni. Akishuka kutoka nusu hadi 45 kwa kila mechi 100, nafasi inaporomoka hadi 1 kati ya 786,000 hivi. Kupungua kidogo kwa kila mechi kunakuwa kukubwa mno kukizidishwa mara 17. La pili, anachokijua yeye wanakijua na wengine. Timu kubwa zikishinda jinsi ilivyotarajiwa, mikeka mingi hupatia pamoja, na hela za jakpoti hugawanywa. Matokeo rahisi kuyatabiri ndiyo yanayolipa kidogo.

Swali la tatu ndilo tunaloona ni zito kuliko yote: unaweza kubadilisha nini? Mlinganisho unaweka jakpoti na ajali kwenye mizani moja, na mwishowe mtu anaanza kuona zote ni bahati tu. Tumesikia vijana wakisema, "Kama boda inaweza kuniua siku yoyote, basi na mimi naweza kuomoka siku yoyote." Hapo ujumbe wa mjomba umegeuka. Ulitumwa kuzuia kamari, sasa umekuwa sababu ya kubeti na sababu ya kupanda boda bila helmeti.

Hebu linganisha unachoweza kufanya. Ukijaza mkeka wa pili, umeongeza nafasi yako "mara mbili." Inasikika poa sana, lakini umetoka 1 kati ya milioni 129 ukafika 2 kati ya milioni 129. Ukivaa helmeti vizuri na kuifunga, tafiti zinaonyesha hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki hupungua kwa takriban asilimia 40. Asilimia 40 inaonekana ndogo ukiiweka kando ya "mara mbili," lakini inakatwa kutoka kwa hatari ya kweli inayojirudia kila safari. Ile 1 kati ya 11,000 ya mwaka mmoja, ukiishi nayo miaka 50, inafika karibu 1 kati ya 220. Hiyo ni idadi ya wanafunzi unaoweza kuwaona kwenye gwaride la shule ya sekondari ya kawaida. Mkeka wa kila wiki kwa miaka hiyo hiyo 50, kwa kubahatisha, bado ni 1 kati ya 50,000 hivi, na umekula shilingi 260,000.

Kuna sababu tunaona mambo haya kinyume. Mshindi wa jakpoti huonyeshwa kwenye runinga akiwa ameshika hundi kubwa kama mlango. Wale 13 wa leo watazikwa katika vijiji 13 tofauti, na wengi wao hutasikia hata jina. Macho yameona hundi, kwa hivyo akili inaamini hundi iko karibu.

Msimamo wetu basi ni huu. Usiufute ujumbe wa mjomba, lakini usiumeze mzima mzima. Uulize ni kwa muda gani, ni wa nani, na wewe unaweza kubadilisha nini. Ukibeti soo yako wikendi hii ukijua hesabu hii, hiyo ni starehe uliyoilipia, kama tikiti ya filamu. Ukibeti nauli ya Jumatatu kwa sababu "lazima siku moja itaingia," kumbuka ile mikeka milioni 104. Na jamaa wa boda akikunyooshea helmeti jioni, ivae, hata kama inanuka jasho la abiria kumi waliokutangulia.