Gécamines: wakubwa hubadilika, mteuzi ni yule yule

Tarehe 1 Januari 1967, serikali ya Mobutu ilitwaa mali ya Union Minière du Haut-Katanga. Kampuni iliyozaliwa hapo ndiyo Gécamines ya leo.

Mwaka 1998 Raisi Laurent-Désiré Kabila alimkabidhi Billy Rautenbach, mfanyabiashara wa Zimbabwe. Wakati huo kampuni ya Rautenbach mwenyewe ilikuwa mshirika wa Gécamines katika migodi ya upande wa Likasi. Mwenye kuuza na mwenye kununua wakawa mtu mmoja. Aliondolewa Machi 2000. George Forrest, mwenyekiti wa baraza hadi 2001, naye alikuwa mshirika katika mradi wa terili ya Lubumbashi.

Mwaka 2010 Gécamines iligeuzwa kampuni ya kibiashara, lakini hisa zote zikabaki za serikali, na uteuzi ukabaki kwa Raisi. Albert Yuma alikalia kiti cha mwenyekiti miaka 11. Desemba 2021 Raisi Tshisekedi alimweka Alphonse Kaputo. Mwaka 2023 akamweka Robert Lukama.

Mmoja anakaa miaka 11, mwingine hamalizi hata miwili. Lakini kibali cha kuchimba hudumu hadi miaka 25: aliyetia sahihi anaondoka, mkataba unabaki. Ndiyo maana kabla ya uteuzi wowote, wananchi waonyeshwe kwanza mteule ana hisa katika kampuni gani. Baada ya sahihi ni kuchelewa.