Kabla ya kufyeka kwapa

Mama wa Kamembe anayevuka kwenda Bukavu na mzigo wake hawezi kuishi kwa mkono mmoja. Akipata saratani ya titi, daktari lazima ajue kama ugonjwa umefika kwapani. Kwa miaka mingi jibu lilitafutwa kwa kufyeka: tezi kumi na zaidi hutolewa, ndipo zipimwe. Wengi hukutwa tezi zao zote zilikuwa safi. Lakini takriban mmoja kati ya watano hubaki na mkono uliovimba, pengine maisha yake yote.

Kuna njia ya kuuliza kwanza. Limfu ya titi hufikia tezi moja au mbili kabla ya nyingine, na hizo ndizo tezi mlinzi. Zikiwa safi, zilizo nyuma yake kwa kawaida ni safi pia, na kwapa huachwa. Mpasuaji Donald Morton aliionyesha njia hii mwaka 1992 kwa melanoma, saratani ya ngozi ambayo kwetu hupenda kuota kwenye unyayo.

Kwa titi, daktari huchoma mililita chache za methilini buluu iliyozimuliwa karibu na chuchu, husugua kama dakika tano, kisha huchana kwapa kidogo na kufuata kijifereji cha buluu hadi kwenye tezi iliyoshika rangi. Huitoa, pamoja na yoyote ngumu anayoigusa kwa kidole. Rangi isichomwe ndani ya ngozi yenyewe, maana huweza kuiozesha, na mjamzito asipewe. Mkojo kugeuka kijani si jambo la kutisha. Pengine tezi ya buluu haionekani kabisa. Hapo kufyeka kunarudi, na daktari asione haya.

Mlinzi akikutwa na saratani, si lazima kwapa lifyekwe. Utafiti wa Marekani uitwao Z0011 ulionyesha kuwa wenye tezi moja au mbili zenye ugonjwa, waliotolewa uvimbe tu na kupigwa mionzi ya titi zima, waliishi sawa na waliofyekwa. Neno zito hapo ni mionzi. Rwanda inayo mionzi hiyo Kanombe, Kigali, tangu 2019, na kutoka Rusizi ni safari ya kuvuka msitu wa Nyungwe, tena na tena kwa majuma. Asiyeweza kuimaliza asiahidiwe faida ya utafiti huo.

Tena njia hii haimfai aliyekwisha kuota mtoki wenye saratani kwapani, na wengi wetu hufika wakiwa hivyo. Ndiyo maana tunasema kazi ianzie huku wilayani. Barua ya rufaa itokayo hospitali ya Gihundwe au Mibilizi isiandike "uvimbe wa titi" tu. Iseme kwapa limepapaswa na kupigwa ultrasaundi, na kama kuna mtoki wa kutilia shaka, umechomwa sindano na majibu ni haya. Mpasuaji akiisoma atajua kama achukue rangi au kisu kirefu.