Namba ya Uganda iandikwe na +256 tangu mwanzo

Wahami wengi wa Beni na Butembo wana ndugu waliovuka Kasindi kwenda Uganda. Ndugu hao wakituma namba, huiandika kama inavyopigwa kule: sifuri mbele, kisha tarakimu 9. Ikipigwa hivyo kutoka Kongo, mtandao huitafuta humu nchini na simu inashindikana. Jamaa wanaanza kudhani mtu amepotea.

Wengine huweka +256 bila kuondoa ile sifuri. Hiyo nayo ni kosa, maana sifuri ni ya ndani ya Uganda tu. Nyuma ya +256 zibaki tarakimu 9. Alama ya + hutoka kwa kubonyeza 0 bila kuachia. Isipotoka, andika 00256.

Namba ikiwa sawa na inite zipo, lakini simu bado inakataa, piga:

```
*#331#
```

Jibu likisema kizuizi kimewashwa, simu za nje zimefungwa. Kampuni ya simu iombwe kuzifungua.

Lakini mzigo huu usiachiwe mama aliye kambini. Anayetuma namba aiandike na +256. Hata ndani ya Uganda inapita hivyo hivyo.