Msimsingizie Mzee Usahaulifu

Juzi hapa Same tulikuwa tunajadili *The Last Gift*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 2011, na lawama ikawa ile ile: hadithi inaruka-ruka kwa sababu mzee Abbas kumbukumbu zimemtoka. Sikubali. Huo ni uvivu wa kusoma, na tena unamwachia Abbas atoroke mara ya pili.

Hebu tuangalie. Abbas ana miaka 63, yuko Norwich, Uingereza, anaanguka mlangoni kwake kwa ugonjwa wa kisukari. Baadaye kiharusi kinamnyang'anya hata usemi. Miaka yote ya ndoa, akiwa mzima, baharia wa zamani mwenye ulimi mwepesi, hakumwambia mkewe Maryam wala watoto wao kwamba mwaka 1959 alitoroka Zanzibar akaacha mke mjamzito, kisa alishuku mimba si yake. Sasa niambieni, alikuwa amesahau? Alikumbuka kila siku! Ugonjwa ulichomwondolea ni ile nguvu ya kuibana siri. Ndiyo maana yanatoka vipande vipande, mengine kwa mkewe, mengine kwenye kinasa sauti, na kipande kizito ndicho kinachelewa zaidi.

Gurnah hata hamwachii Abbas riwaya nzima. Msimulizi yuko nje yao, anahama kwa Maryam, kwa Hanna, kwa Jamal, na sisi tunaokoteza kama wao. Ingepangwa kwa miaka, tungeijua Zanzibar kabla ya Maryam, halafu tungemtazama kwa huruma ya mtu anayejua. Kwa mpangilio huu tunadanganywa pamoja naye, na inauma.

Bibi yangu wa Suji, huko juu milimani, alinifundisha kusoma hivi kabla sijamjua Gurnah. Alipokuwa na akili zake timamu, alinipa habari za mbiru zikiwa zimenyooka: kodi ikaja, mwaka 1945 Wapare wakateremka Same kugoma, mama yake akawapelekea kaka zake chakula. Safi kabisa, ungeiweka kitabuni. Alipoanza kusahau-sahau, akiniita kwa jina la marehemu baba yangu, ndipo katikati ya habari za mahindi likamponyoka: baba yake mwenyewe alilipa ile kodi, usiku, kimya kimya. Miaka yote ile alikuwa amelishonea ndani.

Kwa hiyo, jamani, pale simulizi inapokatika msiandike tu "kumbukumbu imefifia" mkafunua ukurasa. Ulizeni kilichokuwa kinalindwa hapo. Nakubali njia hii ina ubovu wake, maana kipande kilichoponyoka hakina wa kukithibitisha. Abbas mwenyewe hakuwahi kujua kama shuku yake ilikuwa ya kweli. Na mimi nilijaribu. Nilimuuliza bibi baba yake alilipa kwa nani, na kwa nini.

Akanitazama, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.