"Mimi Nilisaini Tu": Kamati Ikikosea, Waziri Haponyi

Wasee, hii nimeikalia kwa muda, wacha niitoe.

Nikiwa bado chuo niliomba basari. Siku ya mwisho ya kurudisha fomu ilikuwa Ijumaa, na yangu niliipeleka Alhamisi. Jina halikutoka. Nikaenda kwa mkubwa wa ofisi ile iliyosaini orodha. Akaniambia, "Kijana, mimi nilisaini tu kile kamati ilileta." Nikatafuta mzee mmoja wa kamati. Naye akasema, "Sisi hatuamui kitu. Sisi tunapendekeza tu."

Umeona hiyo mchezo? Aliyependekeza hakuamua, na aliyeamua hakufikiria. Mimi nikabaki katikati na karo yangu.

Nilidhani hiyo ni shida ya mtaa wetu. Halafu nikapata kesi moja ya Afrika Kusini ambapo mchezo huo huo ulifika mahakama ya juu kabisa, na sasa siwezi kunyamaza.

Huko walikuwa wanataka kushusha bei ya dawa, na lengo lenyewe lilikuwa poa. Sheria yao ya dawa iliunda kamati ya bei ya watu wasiozidi 18. Kazi ya kamati ni kupendekeza, na waziri wa afya anatunga kanuni kwa mapendekezo ya hiyo kamati. Kati ya vitu vya kupangwa kulikuwa na ada ya mwenye kemisti, yaani pesa anayoongeza juu ya bei ya dawa kwa kazi ya kukuhudumia. Sheria ilitaka hiyo ada iwe inayofaa.

Aprili 2004 kanuni zikatoka, waziri akiwa Manto Tshabalala-Msimang. Dawa ikiwa chini ya randi 100, kemisti inaongeza asilimia 26. Ikiwa randi 100 kwenda juu, inaongeza randi 26, basi. Piga hesabu. Dawa ya randi 50 inaletea kemisti randi 13. Dawa ya randi 100 inaleta 26. Dawa ya randi 2,000 pia inaleta 26 tu.

Sasa fikiria kemisti mbili. Moja iko ndani ya duka kubwa Johannesburg, watu wanapanga laini kutoka asubuhi hadi jioni. Ada ndogo mara wateja wengi, kodi inalipika. Nyingine iko ocha, ndiyo pekee kwa kilomita nyingi, na wateja kwa siku ni wachache. Mshahara wa mfamasia uko pale pale, stima iko pale pale. Hii ya pili ikifunga, bei ya dawa itakuwa imeshuka kwa karatasi, lakini mgonjwa wa huko hana pa kuinunua.

Wenye kemisti wakaenda korti, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Katiba, iliyotoa uamuzi Septemba 2005. Jina lake ni kesi ya New Clicks.

Hapa ndipo unakutana na ule mchezo wa basari. Ukichukulia kamati na waziri kama vitu viwili tofauti, hakuna anayeshikika. Ukishtaki kamati, itasema pendekezo halijamgusa mtu, ni maoni tu mpaka waziri asaini. Ukishtaki waziri, atasema yeye alifuata wataalamu, na hesabu za ada si kazi yake. Kosa linaanguka katikati kama sarafu kwenye ufa wa sakafu.

Arthur Chaskalson, aliyekuwa Jaji Mkuu wakati kesi inasikizwa, aliikataa hiyo njia. Hoja yake ni rahisi ukiifuata polepole. Waziri hawezi kutunga hizo kanuni bila pendekezo. Pendekezo nalo halina nguvu bila waziri. Kila mmoja anamhitaji mwenzake, kwa hivyo hizo ni hatua mbili za uamuzi mmoja. Unaangalia safari yote, kutoka kamati ilipokaa hadi sahihi ilipowekwa. Kamati ikiacha kitu muhimu nje ya hesabu, hicho kitu kinakosekana pia kwa uamuzi wa waziri, kwa sababu yeye anasimama juu ya ripoti hiyo hiyo.

Ni kama chai. Maziwa yakishakatika kwa sufuria, hata umwage kwa kikombe safi aje, utakunywa chai iliyokatika.

Majaji hawakukubaliana wote kwa kila kitu, lakini wengi walisema ile ada haikuonyeshwa kuwa inayofaa. Shida kubwa ilikuwa kemisti za vijijini na zile zinazotuma dawa kwa parseli: hali yao haikuzingatiwa vizuri. Ada ikarudishwa ifikiriwe upya.

Na hapa niwe mkweli, kwa sababu kuna wale watasoma hii waseme basi kosa lolote la kamati linaangusha kila kitu. Hapana. Mahakama ya rufaa ilikuwa imetupa kanuni zote. Mahakama ya Katiba ilirekebisha zile zingine, ikaziacha ziishi. Kosa linafuata kile lilichogusa. Kama katibu wa kamati aliandika tarehe vibaya, hiyo haibadilishi ada. Kama kamati haikuhesabu watu wa vijijini, hiyo inaibadilisha.

Pia maneno ya sheria yenyewe yana uzito. Sheria ikisema waziri ataamua "kwa mapendekezo ya" kamati, pendekezo ni mlango, hapiti bila hilo. Ikisema "baada ya kushauriana na" kamati, ana nafasi zaidi ya kufikiria mwenyewe na hata kuwapinga. Na waziri mwenye akili akiona ripoti ina shimo, anairudisha kamati izibe kabla hajasaini. Hiyo ndiyo dawa ya bei rahisi. Kungoja korti ni ghali: wenzetu walizungushana na hiyo ada ya kemisti hadi mwaka wa 2010.

Kwetu Kenya, Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema maamuzi ya serikali yawe ya haki na yafuate utaratibu, na unaweza kudai sababu kwa maandishi. Lakini angalia tunavyofanya. Jopokazi likiundwa, tunacheka majina yake kwa wiki moja halafu tunasahau. Tunaamka siku waziri ametangaza, tunaanza kumchapa mtandaoni. Huko mwisho kabisa! Wakati huo maziwa yalishakatika kitambo.

Mimi naona tunauliza swali kwa mlango usio wake. Badala ya "kwa nini waziri amesaini," uliza kamati ilikaa lini, nani walikuwepo, ilisikiza nani, na ile nambari ilitoka wapi. Hayo yako kwa kumbukumbu za mikutano. Sheria ya kupata habari ya 2016 inakuruhusu kuziomba kwa barua, na ofisi ina siku 21 kukujibu.

Mimi niliomba za basari, nikiwa nimechelewa sana, chuo nishaacha. Zilikuja karatasi mbili. Kamati ilikaa Jumatano na ikafunga orodha siku hiyo hiyo.

Siku ya mwisho ya fomu ilikuwa Ijumaa. Yule mkubwa alisaini orodha ya watu ambao fomu zao zilifika kabla ya wenzao, na hakuuliza. Kwa hivyo, buda, ile "nilisaini tu" yako haikutoi kwa hii hadithi. Inakuweka ndani.