Hisa kwa hisa: kodi isubiri pesa

MIZANI YA WIKI
Na Salma Mbwana

Bahasha ya kaki ilitua mezani kwangu mwaka niliokuwa bado naajiriwa kwenye ofisi ya uhasibu. Ndani yake mlikuwa na hati tatu za hisa, katiba ya kampuni, na barua ya kurasa mbili kutoka kampuni kubwa ya unga iliyotaka kuungana na mwenye bahasha. Huyo nitamwita Bakari, na tarakimu zake nimezinyoosha ili msomaji azihesabu bila kikokotoo. Alikuwa na kinu cha kukoboa na kusaga mahindi, ghala moja na kiwanja, vyote vikiwa mali ya kampuni ambayo hisa zake zote ni zake. Kwenye hisa hizo alikuwa ameweka shilingi milioni 40. Kampuni kubwa ilizithamini milioni 300.

Hawakumpa pesa. Walimwambia alete hisa zake zote, nao watamwandikia hisa mpya za kwao, asilimia 15 ya kampuni yote, ambayo baada ya kumpokea ingekuwa na thamani ya bilioni mbili. Bakari alifurahi. Angebaki na biashara ile ile ya unga, ila sasa ikiwa na malori, jina linalojulikana madukani na mashine mpya za kufungashia.

Mimi ndiye niliyemharibia furaha hiyo. Nilimweleza kwamba mbele ya sheria ya kodi, anayetoa hisa akapokea hisa nyingine ameuza. Amepokea kitu chenye thamani ya milioni 300 kwa kitu kilichomgharimu milioni 40, kwa hiyo ana faida ya milioni 260. Kwa mtu binafsi mkazi wa Tanzania, asilimia 10 ya hiyo ni milioni 26. Akanitazama. "Mama, sasa hizo milioni 26 niwapelekee kwa sembe?"

Swali lake lilikuwa la haki kuliko alivyojua, maana kulikuwa na kodi ya pili ambayo nilikuwa bado sijamtajia. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inawatazama watu wa mwisho kabisa wanaomiliki kampuni, hata wakiwa nyuma ya kampuni nyingine tatu. Umiliki huo ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ndani ya miaka mitatu, kampuni yenyewe huhesabiwa kuwa imeuza mali zake kwa bei ya soko. Kabla ya mpango huu Bakari alimiliki kampuni yake kwa asilimia 100. Baada yake angeimiliki kwa asilimia 15, kupitia ile kubwa. Mali zake zilizobaki kwenye hesabu za kodi kwa milioni 90 zingehesabiwa kuuzwa kwa milioni 300. Faida ni milioni 210, kodi ya kampuni ni asilimia 30, na hesabu ya haraka inatoa milioni 63. Jumlisha na zile 26: milioni 89 kwa biashara ya milioni 300, wakati kinu hakijasogea hata futi moja wala hakuna aliyeshika shilingi.

Ninachoandikia leo ni hicho. Kodi ya faida inayotokana na kuuza mali ina sababu nzuri ya kungoja mauzo. Thamani ya kiwanja chako ikipanda leo, hakuna anayekugongea mlango, kwa sababu bado hujaibadilisha kuwa pesa, na bei ya soko ni makadirio tu mpaka mnunuzi alipe. Hisa za kampuni isiyouzwa kwenye soko la hisa ni ngumu zaidi. Bakari asingeweza kumega hisa za milioni 26 na kuzipeleka sokoni zikanunuliwe. Angelazimika kukopa, au kuwauzia wenzake wale wale kwa bei watakayotaka wao.

Nchi nyingi zimelimaliza jambo hili kwa namna moja, na kiini chake ni tarakimu moja. Uingereza humhesabu mwanahisa aliyebadilishana kwa masharti yanayokubalika kuwa hajauza kitu. Hisa mpya zinasimama mahali pa zile za zamani, kwa tarehe ile ile na gharama ile ile. Umoja wa Ulaya uliandika kanuni ya aina hiyo mwaka 1990, kwa miungano inayovuka mipaka ya nchi wanachama, kwa sharti kwamba mwanahisa asizipe hisa mpya gharama ya kikodi iliyo kubwa kuliko ya zile alizotoa. Kwa Bakari maana yake ni kwamba hisa zake mpya zingeandikwa milioni 40, si 300. Akija kuziuza baada ya miaka sita kwa milioni 450, faida inayotozwa ni 410 na kodi ni milioni 41, ikiwemo ile 26 iliyosubiri. Tena siku hiyo anazo pesa mkononi.

Watu husikia neno "bila kodi" wakadhani ni msamaha, na maofisa wa kodi nao huingiwa hofu kwa sababu hiyo hiyo. Kilichopo ni subira. Serikali inapoteza kitu, nakiri, kwa sababu milioni 26 ya leo si sawa na milioni 26 ya baada ya miaka sita. Lakini bila subira hiyo muungano usingefanyika kabisa, na kodi ya muungano ambao haukufanyika ni sifuri.

Pesa taslimu ikiingia, mambo hubadilika. Aliyewahi kubadilishana simu Kariakoo anajua: yako ikiwa nzuri zaidi, mwenzako anakuongezea elfu hamsini juu. Kwenye miungano nyongeza hiyo ipo pia, na hiyo haina sababu ya kusubiri. Tuseme Bakari angepewa hisa za milioni 270 na taslimu milioni 30. Wamarekani wangesema faida inatozwa leo mpaka kufikia kiasi cha taslimu, yaani milioni 30 yote. Kwa mtindo wa kugawanya, unaofuatwa Uingereza, taslimu ni sehemu ya kumi ya malipo, basi inabeba sehemu ya kumi ya gharama, milioni 4, na faida ya leo ni milioni 26. Kwa asilimia 10 tofauti ni kati ya kodi ya milioni 3 na milioni 2.6. Ningechagua ule wa kugawanya, kwa kuwa anayepokea kidogo hahesabiwi kana kwamba faida yake yote imetangulia. Ulaya imeongeza ukomo: taslimu ikizidi asilimia 10 ya thamani iliyoandikwa kwenye hisa mpya, mpango haupati tena hifadhi ya kanuni hiyo.

Ukomo huo ndio uliozaa kesi ya Kofoed. Mwaka 1993 Wadenmaki wawili, kila mmoja na nusu ya kampuni yao, walizipeleka hisa zote kwa kampuni ya Ireland ambayo nayo ilikuwa yao, wakapokea hisa mpya. Siku chache baadaye kampuni ya Denmark ikatoa gawio kubwa kwenda Ireland, na ya Ireland ikalipitisha kwao. Mamlaka ya Denmark ikasema gawio lile ni nyongeza ya taslimu iliyovaa kanzu. Mwaka 2007 Mahakama ya Ulaya ilikataa: nyongeza ni pesa iliyo sehemu ya makubaliano yenyewe, iliyoahidiwa kwa namna inayomfunga mtoaji, na kukaribiana kwa siku peke yake hakutoshi. Lakini iliacha mlango. Kama mpango wote ulitengenezwa kwa ajili ya kukwepa kodi tu, nchi inaweza kuukataa kwa sheria zake za kuzuia hila, mradi ziwepo.

Hofu inayozungumzwa zaidi, ya mtu kubadilishana Jumatatu na kuuza Ijumaa, mimi hainisumbui. Akiuza Ijumaa atalipa Ijumaa, kwa gharama ile ile ya milioni 40. Tundu liko upande wa pili wa meza. Kampuni kubwa iliyopokea hisa za Bakari inaziandika kwa gharama gani? Ikiziandika kwa 300, inaweza kuziuza mwezi ujao kwa mtu wa nje kwa 300 na kusema haina faida. Kinu kimekwenda kwa mgeni, pesa zimeingia kwenye kampuni ambayo Bakari ana sehemu yake, na kodi ya milioni 26 bado inasubiri. Ujerumani imeliziba kwa kufuatilia: hisa zilizopokelewa kwa mtu binafsi kwa mtindo huu zikiuzwa ndani ya miaka 7, kodi inarudi nyuma kwa aliyezitoa, ikipungua kwa sehemu moja ya saba kila mwaka unaopita. Ni kazi ya karatasi, lakini mkaguzi anaweza kuifanya kwa kusoma daftari la wanahisa mara moja kwa mwaka.

Sheria yetu si kwamba haijui subira kabisa. Inairuhusu mali ihamie kwa mshirika kwa gharama yake ya awali, ikiwa pande zote mbili ni wakazi, zimechagua hivyo kwa maandishi, na angalau nusu ya umiliki wa mwisho inabaki kwa watu wale wale. Sharti la ukazi nalikubali, maana hisa za nje zinaweza kutoka mikononi mwetu kabla kodi haijafika. Sharti la nusu ndilo linalowafungia nje akina Bakari. Linazifaa familia zenye kampuni tano zinazohamisha mali kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Mdogo anayejiunga na mkubwa hafikishi nusu hata siku moja.

Ningependa sharti hilo la nusu lifutwe kwa hisa zinazobadilishwa na hisa, na mahali pake iwekwe gharama inayohama na ufuatiliaji wa miaka kadhaa, wazi kwa yeyote. Jirani zetu wanatuonyesha njia ya kuepuka. Benki za NIC na CBA zilipoungana Kenya mwaka 2019, wenye CBA walipata asilimia 53 ya benki mpya ya NCBA na wenye NIC asilimia 47, kwa hisa. Ushuru wa stempu uliondolewa kwa msamaha wa wizara uliolenga muungano huo mmoja, na msamaha ukapingwa mahakamani. Mwenye kinu cha mahindi hana mlango wa wizara wa kubisha.

Bakari aliichukua bahasha yake. Miezi minne baadaye kampuni ile kubwa ilikodi kinu na ghala lake kwa mkataba wa miaka mitano. Malori na mashine za kufungashia hazikuja. Mara ya mwisho nilipompitia, hati zile tatu zilikuwa bado ndani ya kaki ile ile, juu ya kabati, chini ya kopo la misumari.