Kwa nini Irma alitoka akilia

Watoto wengi wanaomjua Mr Bean watakusimulia kisa cha bata mzinga. Ni katika kipindi cha Krismasi cha mwaka 1992. Saa ya mkononi imemdondokea ndani ya bata, anaingiza kichwa kuitafuta, kichwa kinanasa, na huku mchumba wake Irma yuko mlangoni anabisha hodi. Hapo nyumba nzima hucheka mpaka machozi.

Kisa cha Irma, hata hivyo, kilianzia nje ya duka la sonara. Alimwonyesha Bean pete dirishani, akitumaini kuvishwa siku ya sikukuu. Karibu na pete palikuwa na picha kubwa ya tangazo, ya wapenzi wawili. Bean akatazama pale alipoonyeshwa, akaona picha.

Siku ilipofika, Irma akafungua zawadi na kuikuta picha ile ile. Akanyong'onyea. Bean, bila habari, akamkabidhi kijisanduku kidogo na uso wa Irma ukang'aa. Ndani mlikuwa na kulabu ya kuitundikia picha ukutani. Irma akatoka mbio akilia.

Mwigizaji wake, Rowan Atkinson, amemweleza Bean kuwa ni mtoto aliye ndani ya mwili wa mtu mzima, na vichekesho vyote vimefumwa kwa uzi huo mmoja. Bean si mtu mbaya (ingawa kuna siku mtu angetamani kumzaba kibao). Huona kilicho mbele ya macho yake tu. Katika kipindi cha kwanza, Januari 1, 1990, yuko kwenye mtihani. Amesoma trigonometria, lakini karatasi nyeupe aliyoitoa kwenye bahasha ni ya somo jingine la hesabu. Anahangaika kumchungulia jirani mpaka muda unakaribia kwisha, ndipo msimamizi anataja karatasi ya kijani ya trigonometria. Kumbe ilikuwa ndani ya bahasha ile ile muda wote.

Kwenye mtihani hasara ni yake mwenyewe, kwa hiyo kila mtu anacheka kwa raha. Kwa Irma, tabia ile ile inamuumiza mtu aliyempenda, na hapo mtoto mdogo anayetazama huenda akamgeukia mama na kuuliza dada yule analia nini. Bean mwenyewe angeulizwa asingekuwa na jibu, na waandishi hawawezi kumpa. Siku atakayoelewa chozi la Irma, ataacha pia kuingiza kichwa ndani ya bata.

Katika vipindi vya waigizaji vilivyofuata Irma hakuonekana tena. Alirudi kwenye katuni, miaka kumi baadaye. Bean alikuwa yule yule.